Somo la dakika 40 mbele ya jopo: kujumlisha sehemu zenye asili tofauti

*"Nafundisha shule ya msingi Ilemela, Mwanza. Nimeitwa kwenye usaili wa nafasi ya mwalimu wa taaluma, na kabla ya mahojiano nitafundisha dakika 40 mbele ya jopo la watu watatu. Ni Hisabati Darasa la Tano, shule nisiyoifahamu, wanafunzi kama 45. Mada niliyopewa ni kujumlisha sehemu zenye asili tofauti. Andalio ninalo, lakini kila nikilijaribu halimaliziki na sijui nikate wapi. Hivi jopo hasa linaangalia nini?"*

Anzia mwisho, Mwalimu. Weka andalio pembeni, chukua karatasi tupu, uandike maswali matatu ambayo kila mtoto atayafanya peke yake kwenye kikaratasi zikiwa zimebaki dakika kama 13. Andalio lisilomalizika kwa kawaida limeandikwa kuanzia juu: utangulizi ukapendeza, mifano ikaongezeka, na maswali ya watoto yakapewa dakika zitakazobaki. Dakika hizo huwa hazibaki. Ukishayapata maswali matatu, kila kilichomo kwenye andalio kiulize kinamsaidiaje mtoto kuyafanya. Kisichosaidia kitoke, hata kama ni wimbo mzuri.

Maswali yenyewe yachague kwa makini kuliko kitu kingine chochote, kwa sababu somo la sehemu huharibiwa na namba. Mwalimu anaandika 1/2 + 1/6 akidhani ni rahisi, jibu linatoka 4/6, mtoto mmoja anasema ni 2/3, na sasa unafundisha kurahisisha. Au anaandika 2/3 + 1/2, inatoka 7/6, jumla imevuka nzima moja na umeingia kwenye namba mchanganyiko. Zote ni mada halali, ila si za siku hiyo. Chukua namba ambazo jumla yake haivuki nzima moja na jibu lake halirahisishiki. Kwa swali la kwanza tumia 1/2 + 1/8, ambapo ni asili moja tu inayobadilika, jibu 5/8. La pili 1/3 + 1/4, asili zote mbili zinabadilika, jibu 7/12. La tatu 2/5 + 1/2, ambapo kiasi si 1 tena, jibu 9/10. Kwa maswali hayo jopo linaona ngazi imepandwa, na wewe hujafungua mlango wowote usioweza kuufunga.

Kutoka hapo lengo mahsusi linajiandika lenyewe: kufikia mwisho wa kipindi, mwanafunzi aweze kujumlisha sehemu mbili zenye asili tofauti zisizozidi 8, jumla isiyozidi nzima moja, na kupata angalau maswali mawili kati ya matatu. Linganisha na lile linaloonekana kwenye maandalio mengi, "mwanafunzi aelewe kujumlisha sehemu". Kuelewa hakuonekani kutoka dawati la nyuma. Mawili kati ya matatu yanahesabika, na hesabu hiyo ndiyo utakayoingia nayo kwenye mahojiano.

Kabla hujakata karatasi hata moja, piga simu shule utakakofundisha au pita mwenyewe. Uliza wanafunzi ni wangapi hasa, madawati yanakaliwa na watoto wangapi, ubao una urefu gani, na azimio la kazi la darasa hilo limefika wapi. Swali la mwisho ndilo zito. Kama hawajasoma sehemu zilizo sawa, yaani kwamba 1/2 na 2/4 ni kitu kimoja, somo lako halina pa kusimama na itabidi utumie nusu ya kipindi kulijenga hilo. Kama hawajafika kwenye Kigawe Kidogo cha Shirika si neno, kwa sababu KDS hutaihitaji. Kuorodhesha vigawe vya 2 na vya 3 hadi vikutane kunatosha.

Sasa zana. Kwa mada hii sidhani kuna zana inayoshinda ukanda wa karatasi ngumu wenye urefu wa sentimeta 24. Urefu huo una sababu: nusu yake ni sentimeta 12, theluthi ni 8, robo ni 6, sehemu ya sita ni 4 na ya kumi na mbili ni 2, hakuna desimali ya kukusumbua. Chukua manila ya ukubwa wa A4, punguza urefu wake wa sentimeta 29.7 hadi 24, kisha ugawe upana wake wa sentimeta 21 kwa vipande vya sentimeta 3. Unapata kanda saba kwa kila karatasi, na karatasi moja inatosha bahasha moja.

Ndani ya bahasha weka kanda tano. Wa kwanza uache mzima. Wa pili ukate nusu mbili, wa tatu theluthi tatu, wa nne robo nne, na kila kipande kiandikwe jina lake. Wa tano usiukate, uchoree mistari ya sehemu ya sita, kila baada ya sentimeta 4, uwe kama rula. Kata mwenyewe nyumbani. Kuna walimu wanaowapa watoto karatasi wakunje, kwa kuamini kwamba huko ndiko kushirikisha. Kukunja nusu na robo kunawezekana, lakini theluthi kwa macho haiwi theluthi. Mtoto anatoka na vipande vya sentimeta 7, 8 na 9, na anapoweka nusu na theluthi yake juu ya rula ya sita, ncha haigusi mstari. Hapo zana yako imemdanganya, na jopo limeona.

Kanda mbili zinazobaki katika kila karatasi zisiingie kwenye bahasha. Mmoja uchoree mistari ya sehemu ya tano: sentimeta 4.8, 9.6, 14.4 na 19.2. Kazi yake nitaieleza hivi punde. Wa pili uchoree ya kumi na mbili, na huo nao ukae kwako. Ukiuingiza mapema, kundi moja litaweka 1/2 na 1/3 juu yake lisome 10/12 wakati wenzao wamesoma 5/6. Majibu yote mawili ni sahihi, ila utatumia dakika nne kueleza kwa nini.

Bahasha ngapi? Madawati ya watoto watatu watatu yakiwa 15, dawati la mbele wanageuka na kutazamana na wa nyuma yao, na hapo umepata makundi saba ya watoto sita na moja la watatu bila kusogeza dawati hata moja. Hizo ni bahasha nane. Beba kumi. Kwa ajili ya ubao tengeneza kanda kubwa za sentimeta 60: nusu 30, theluthi 20, robo 15, sehemu ya tano 12, ya sita 10, ya kumi na mbili 5. Zinasomeka hadi nyuma. Na kwa kuwa uko kandokando ya ziwa, kumbuka upepo. Madirisha yakiwa wazi mchana, upepo wa ziwa unapeperusha karatasi nyepesi, na watoto 45 wakiinama kuokota vipande umepoteza darasa. Ndiyo maana nimesema manila. Mvua nayo ikipiga bati hutasikika, basi maelekezo ya kazi ya kundi yaandike kwa herufi kubwa kwenye kadi moja ndani ya kila bahasha: weka nusu, unganisha na theluthi, pima kwa rula ya sita, andika jibu.

Dakika tano za mwanzo zitumie kujua umekutana na nani. Andika ubaoni 1/4 + 2/4, kila mtoto aandike jibu kubwa katikati ya ukurasa wa daftari, kisha wote wainue madaftari kwa pamoja. Usiulize "nani anajua?" maana watainuka walewale sita. Unapitisha macho kwa sekunde chache: 3/4 au 3/8? Walioandika 3/8 wamejumlisha juu kwa juu na chini kwa chini, yaani kosa la somo lako tayari wanalo hata asili zikiwa sawa. Wakiwa wachache, endelea. Wakizidi theluthi ya darasa, kama 15 hivi, badilisha mpango palepale: tumia kanda kuwaonyesha kwamba robo moja na robo mbili ni robo tatu, fika hadi 1/2 + 1/4, na mwishoni wape maswali ya aina ya 1/2 + 1/8 tu. Uamuzi huo uandike kwenye andalio tangu nyumbani, sentensi moja tu, ili jopo lijue hukubabaika. Kwa maoni yangu mwalimu aliyepunguza lengo kwa sababu aliyoiona darasani anastahili alama kuliko aliyemaliza lengo peke yake huku watoto wameachwa nyuma.

Kutoka dakika ya 5 hadi ya 10 ingiza dagaa. Mtoto wa Mwanza aliyewahi kutumwa sokoni anaijua nusu sado na robo sado, huhitaji kumchorea keki. Mama ana nusu sado ya dagaa nyumbani, amenunua robo sado nyingine pale mwaloni Kirumba, zikimwagwa kwenye sado moja zinafika wapi? Watoto wanaweka nusu na robo chini ya ukanda mzima na wanaona imebaki robo moja kujaa. Kisha wanaweka robo mbili juu ya nusu, na wanagundua kwamba nusu inaweza kuitwa robo mbili. Ukishafika hapo usiseme zaidi. Na mfano huo wa sado usiuvute kwenye theluthi, hakuna anayeuza theluthi ya sado, watoto watakuona unatunga. Kuanzia hapo ukanda peke yake unatosha.

Kiini cha somo ni dakika kumi zinazofuata, nami ningezilinda hata kama kitu kingine chote kimeharibika. Andika 1/2 + 1/3. Kabla hawajagusa vipande, kila mtoto aandike anachodhani ni jibu. Wengi wataandika 2/5. Wewe unalitaka jibu hilo. Kosa ambalo walimu hulifanya mbele ya jopo ni kuliogopa: wanaliona kwenye daftari, wanapita haraka, wanamtafuta mwenye 5/6 aje ubaoni apigiwe makofi. Walioandika 2/5 wanakaa kimya, wananakili 5/6, na kesho yake wanaandika 2/5 tena.

Liandike 2/5 ubaoni kama jibu la kupimwa, bila kutaja mwenye nalo na bila kukunja uso. Kisha gawa ule ukanda wa sehemu ya tano. Waambie watafute mstari wa 2/5, waweke kipande cha nusu pembeni yake. Mstari wa 2/5 uko sentimeta 9.6, nusu inaishia sentimeta 12. Uliza swali moja tu: tulikuwa na nusu, tukaongeza kitu, tumebakiwa na pungufu ya nusu? Nyamaza. Acha watoto wabishane dakika moja nzima, wanajopo wanaotazama kutoka nyuma ndio watakaoitambua thamani ya dakika hiyo. Na kama hakuna aliyeandika 2/5, sema tu kwamba mwanafunzi wa darasa jingine alipata hivyo, mnamwambiaje?

Ndipo waunganishe nusu na theluthi wapime kwa rula ya sita. Ncha inagusa mstari wa tano: sentimeta 20, sehemu tano za sita. Hapo elekeza macho yao kwenye rula yenyewe. Nusu imechukua vyumba vingapi vya sita? Vitatu. Theluthi? Viwili. Maneno "vyumba vya ukubwa mmoja" ndiyo yanayobeba maana ya asili ya shirika, na mtoto anayekumbuka kwamba vyumba lazima vilingane ndipo vihesabiwe pamoja hahitaji kukaririshwa kanuni.

Sasa usiwaache kwenye karatasi. Kuna masomo ya maonyesho ambayo vipande vinapendeza, makundi yanachangamka, halafu swali la kuandika likija hakuna anayejua vinahusianaje. Dakika saba, ya 20 hadi ya 27, ni za kuhamisha ukanda kwenda kwenye maandishi, na zote mbili zionekane ubaoni kwa wakati mmoja. Gawa ubao sehemu tatu kabla ya kuanza: kushoto tarehe na mada, katikati kanda, kulia maandishi. Katikati pasifutwe hadi kengele. Kulia andika mstari kwa mstari, huku mkono wa pili ukigusa ukanda unaohusika:

1/2 = 3/6
1/3 = 2/6
3/6 + 2/6 = 5/6

Vigawe vya 2 ni 2, 4, 6. Vya 3 ni 3, 6. Vinakutana 6, ndiyo maana rula ya sita ilifanya kazi. Kisha mfano mmoja wa pamoja, 1/4 + 2/3, darasa likikuongoza na wewe ukiandika wanachosema. Vigawe vinakutana 12, unabandika ule ukanda mkubwa wa kumi na mbili, robo ina vyumba vitatu, theluthi mbili zina vinane, jumla 11/12. Kwenye ukanda wa sentimeta 60 ncha inakaa sentimeta 55. Mfano mmoja unatosha. Wa pili utakula dakika za watoto.

Kosa jipya litajitokeza hapa, na ni jema ulijue mapema. Mtoto amekubali kwamba asili ziwe 6, anaandika 1/6 + 1/6 = 2/6. Amebadilisha ya chini, ya juu akaiacha. Tiba yake usiifanye ndefu: mrudishe kwenye kipimo kilekile, 2/6 ni kubwa au ndogo kuliko nusu tuliyoanza nayo? Kipimo kimoja kinachokamata makosa mawili ni mali, kitumie hadi watoto wakitumie wenyewe.

Kuanzia dakika ya 27 hadi ya 36 nyamaza. Watoto wanafanya yale maswali matatu, kila mtu peke yake, kwenye vikaratasi vidogo ulivyokuja navyo, robo ya A4 kwa kila mmoja. Wewe unazunguka na kadi ndogo mkononi yenye safu nne: amepata, amejumlisha juu na chini, amebadilisha asili tu, hajaanza. Unaweka alama ya mstari kwa kila mtoto unayempita, ukiangalia swali la pili tu, maana la kwanza karibu wote watalipata. Hutawafikia wote 45 na si lazima. Ukiwaona 30 una picha ya kweli. Ukikuta "hajaanza" mkononi mwa mtoto, mpe vipande vya theluthi na robo, muulize ajizae vigawe vya 3 na vya 4, uondoke. Mwalimu anayepiga magoti kwa mtoto mmoja dakika nne amewaacha 44.

Hapa ndipo andalio lako huenda linakufia, kwa hiyo ngoja nikae kidogo. Makundi manane yakitoka kuwasilisha, kila moja dakika mbili, hizo ni dakika 16, na kuanzia la tatu yote yanasema kitu kilekile. Chagua makundi mawili tu: moja lililopata 5/6, na moja ambalo lilikuwa na 2/5 likabadili mawazo, lieleze lilichokiona. Kugawa zana mkononi kwa mkono kunakula dakika tatu. Bahasha zikiwa tayari mwisho wa kila safu kabla ya kipindi, unatumia sekunde 30. Kunakili maelezo marefu ubaoni, maana ya kiasi, maana ya asili, aina za sehemu, kunakula saba au nane, na hakuna hata moja kati ya maswali matatu linaloyahitaji. Kata hayo matatu na utashangaa andalio lako limepumua.

Dakika nne za mwisho: jibu la swali la pili liandikwe ubaoni na mtoto mmoja, darasa lilipime dhidi ya kipande kikubwa alichoanza nacho, vikaratasi vikusanywe, basi. Kama saa imekukamata na umebaki na dakika mbili, acha kuandika jibu, kusanya vikaratasi. Hivyo ndivyo vitakavyokutetea.

Kuhusu jopo lenyewe. Omba mapema fomu ya upimaji kama wanaitoa, kwa sababu mgawanyo wa alama hutofautiana. Chapa andalio nakala nne, tatu za jopo na moja yako, na uziambatanishe na kipande cha azimio la kazi kinachoonyesha mada iliyotangulia na inayofuata. Tumia fomu ya andalio inayotumika shuleni kwako sasa, majina ya hatua yasikusumbue: kila hatua niliyoitaja inaingia mahali pake. Safu ya upimaji ndiyo usiiache na maneno matupu kama "maswali ya mdomo". Andika kitu kinachopimwa: "alinganishe 2/5 na 1/2, aeleze kwa nini 2/5 haiwezi kuwa jumla".

Nafasi ya waliohudhuria ijaze ukishaingia darasani. Na nafasi ya tathmini, ile ya baada ya somo, iache wazi kabisa. Andalio lililoandikwa usiku na tayari lina "somo limeeleweka, wanafunzi wameshiriki vizuri" linasomwa na jopo kabla hujafungua mdomo, na kuanzia hapo kila utakachosema kinapimwa kwa shaka.

Wakati wa somo angalau mmoja wao huenda akasimama na kutazama madaftari ya watoto, hasa wa kona za nyuma. Usimfuate kwa macho, na usimkimbilie mtoto anayetazamwa. Anachotafuta ni kama mtoto yule anajua anachofanya na kwa nini. Akimuuliza "hii 3/6 umeitoa wapi?" na mtoto akaonyesha ukanda, hutahitaji kusema lolote.

Ukitoka darasani utakuwa na dakika chache kabla ya mahojiano. Zitumie kugawa vile vikaratasi mafungu manne, yale yale ya kwenye kadi, na kuhesabu. Swali la kwanza mara nyingi ni "somo umelionaje?" Jibu la kawaida, "nashukuru Mungu limekwenda vizuri", haliwaambii kitu. Tuseme fungu la waliopata mawili kati ya matatu lina 29, la waliojumlisha juu na chini lina 4, la waliobadilisha asili tu lina 9, na 3 hawakufika mbali. Unasema: 29 kati ya 45 wamefikia lengo, 9 wanabadilisha asili bila kiasi, kwa hiyo kipindi kijacho nisingeendelea na kutoa sehemu. Ningeanza na dakika 15 za sehemu zilizo sawa kwa kanda hizi hizi, nikiwaweka wale 9 karibu na ubao, na wale 4 ningewapa tena kipimo cha nusu kwa vipande mkononi.

Watakuuliza pia ungebadilisha nini. Taja kitu kimoja chenye dakika yake: pale dakika ya 12 nilitoa ukanda wa tano mapema mno, kundi la mlangoni lilikuwa bado halijaandika makisio. Kwa nafasi ya mwalimu wa taaluma tarajia swali la tatu, ungemsaidiaje mwalimu mwenzako mwenye darasa kama hili. Fungua vikaratasi mezani, waonyeshe fungu la 9, uwaeleze ungeketi naye vipi kuvisoma kabla hamjagusa andalio lake.